Watoto wanabonyeza herufi ovyo kwenye tableti: nijuaje lipi ni mchezo na lipi si mchezo?

MamaSaidi_Bombo

Salamu wanajukwaa. Nina tableti moja nyumbani, watoto watatu wanaigombania: Saidi miaka 9, Hamisi miaka 6 yuko P1, na Mariamu miaka 4. Ijumaa nilikuwa sokoni, dada yangu wa Arua akanipigia analia, anauliza nani kalazwa. Kumbe alikuwa amepata ujumbe huu kutoka kwenye tableti:

```
asdfghjklkjhgfdsa
oooo9oopp0ooo
Niko hospitali na mtoto na mtoto na mtoto na
sidi npga mliam
mmmmmmm. Mmmm. Mm
```

Hakuna mgonjwa. Nimewauliza wote watatu, kila mmoja anasema si yeye. Baba yao anasema nifute yaishe. Lakini ule mstari wa tatu umenitia hofu: mtoto wa P1 ataandikaje "hospitali" bila kukosea hata herufi? Je, kuna mtu mwingine anaingia kwenye tableti yangu?

FundiSimu_Arua

Hakuna mwizi hapo, dada. Mwezi uliopita hukumwandikia mtu kwamba uko hospitali na mtoto? Kibodi inakumbuka. Yale maneno matatu yanayotokea juu ya herufi, mtoto anayaona yanabadilika kila akigusa, basi anaendelea kugusa. Ishara yake ni hiyo "na mtoto na mtoto na mtoto": kibodi imeishiwa, inazunguka palepale. Na kama kuandika kwa kuburuta kidole kumewashwa, mtoto akiburuta tu hovyo linatokea neno zima ambalo hakulijua.

Kwa hiyo huo ujumbe wote ni takataka. Ingia kwenye mipangilio ya Gboard, Text correction, uzime Auto-correction na yale mapendekezo, halafu futa ujumbe. Kwisha.

MamaSaidi_Bombo

Subhanallah, kweli! Mariamu alikuwa na malaria mwezi wa pili, nilikuwa naandika hayo hayo kila siku. Asante kaka.

Dereva_Malaba

Mimi wangu alimpigia bosi saa nane usiku, kwa video, nimelala kifua wazi. Weka namba ya siri, mama. Watoto hawana haja na WhatsApp.

MamaSaidi_Bombo

Namba ya siri ipo, kaka, Saidi anaijua. Mimi nauliza jinsi ya kusoma walichoandika.

Mwl_Nalongo

Nyabo, usifute kwanza. Fundi amesema kweli kuhusu mstari wa tatu, ila kwa huo mmoja amehukumu yote. Nimefundisha P1 miaka mingi, na huo ujumbe naona hautoki kwa mkono mmoja.

Fungua kibodi uiangalie ukisoma. Mstari wa kwanza ni ile safu ya katikati: mtu amegonga herufi moja, akahamia jirani yake, mpaka mwisho, akarudi alikotoka. Huyo hasomi herufi, anatembea. Wa pili ni o na p, ambazo zinakaa pamoja pembeni juu. Zile 9 na 0 usihangaike nazo. Kwenye kibodi nyingi ukikawiza kidole juu ya o inatoka 9, ukikawiza juu ya p inatoka 0. Na ule wa mwisho, nukta na herufi kubwa si za mtoto. Ukigonga nafasi mara mbili kibodi inaweka nukta yenyewe, kisha inakuza herufi inayofuata. Nimeona wazazi wanajisifu kwamba mtoto wa miaka minne anajua nukta!

Sasa tazama wa nne. Kutoka n kwenda p ni safari, p kwenda g safari, g kwenda a safari nyingine. Hakuna herufi iliyorudiwa papo kwa papo, na kuna nafasi kati ya mafungu. Kidole kinachocheza hakirukiruki hivyo, kinachotafuta ndicho kinaruka. Mtoto wa P1 huandika sauti anayoisikia kwa nguvu na kuziacha nyingine. Na hiyo "mliam" inanichekesha, maana kama shuleni anasoma kwa Luganda, l na r kwake bado ni ndugu.

Mimi nina dhana yangu ya maana yake, lakini siiandiki hapa, kwa sababu utaenda kumwambia mtoto naye atakubali. Kaa na Hamisi peke yake, bila kaka yake. Weka kidole chini ya mstari huo tu, useme "Nisomee hapa." Usimsaidie. Kesho urudie. Aliyeandika kweli huwa anasoma karibu yaleyale mara zote mbili. Aliyekuwa anacheza atakupa hadithi mpya, au atakuambia hajui.

FundiSimu_Arua

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hata kuku akitembea juu ya kibodi ipo siku atatoa neno. Mstari mmoja si ushahidi.

Mwl_Nalongo

Sawa kabisa, ndiyo maana nimesema aulizwe mara mbili. Ungekuwa mstari huo peke yake hata mimi ningesita. Ila kuku haanzi na "sidi" kwenye nyumba yenye Saidi.

Bibi_wa_Jinja

Sisi tuliandika kwenye mchanga na hakuna aliyepiga simu analia. Mnyang'anyeni hiyo kitu.

MamaSaidi_Bombo

Narudi na majibu. Jana jioni Saidi alipokwenda madrasa nilimuita Hamisi. Mistari mitatu ya kwanza alisema "hii si yangu". Ya nne akasoma bila kusita: "Saidi ananipiga na Mariamu." Leo asubuhi nimemuuliza tena akiwa anakunywa uji, akasoma vilevile. Nikamuuliza kwa nini alimwandikia shangazi asiniandikie mimi. Akasema picha ya shangazi ndiyo ilikuwa juu.

Saidi amekiri anawapiga makofi zamu yake ikichelewa. Na zile "asdf" ni zake pia, eti alikuwa anapima mbio za vidole. Mkubwa mzima! Mimi nilidhani ni Mariamu.

FundiSimu_Arua

Haya, kuku nimemrudisha bandani. Lakini zima mapendekezo hata hivyo, mwalimu atakubali. Kibodi ikijisahihishia, hiyo "npga" siku nyingine itageuzwa neno lingine na hutajua mtoto alitaka kusema nini.

Mwl_Nalongo

Hapo nakubali bila ubishi.

MamaSaidi_Bombo

Nimeshazima. Mwalimu, bado mstari wa mwisho. Mariamu anajua herufi moja tu, M ya jina lake, anaichora hata ukutani. Je, huyo ndiye anaandika jina?

Mwl_Nalongo

Hapo sikuahidi kitu, nyabo. Herufi za jina lake ndizo mtoto huanza nazo, kwa hiyo inawezekana. Lakini angalia m iko wapi kwenye tableti yako: kwenye kibodi nyingi za simu imekaa ubavuni mwa kitufe cha kufuta. Kama na yako iko hivyo, mtoto akitaka kufuta na kidole kikakosea kidogo, zinatoka mmmm vilevile. Mpe karatasi yenye herufi kama sita, mwambie akuonyeshe yake. Utajua kama anaijua, ingawa ya Ijumaa hatutaijua.

Dereva_Malaba

Samahani, mimi nina swali dogo. "Saidi ananipiga na Mariamu": Mariamu naye anapigwa, au anasaidia kupiga?

MamaSaidi_Bombo

Kaka, hata Hamisi mwenyewe nimemuuliza hilo, amecheka akakimbia.