Mbwa wangu ana vya kuchezea tele lakini bado anatafuna mlango. Naombeni ushauri

Mpangaji Mdogo
Habari zenu wanajukwaa. Naishi chumba na sebule, vyote vidogo, hakuna uwanja. Nina mbwa jike wa miaka miwili, kilo 14, mpole sana kwa watu. Nilielewa mapema kwamba mbwa wa ndani anahitaji kazi ya kichwa, kwa hiyo nikajipanga: nina bakuli la fumbo lenye vifuniko vya kusukuma kwa pua, mpira mgumu wenye tundu la kujazia chakula, na mkeka wa kunusia wenye vipande vya kitambaa. Kila nikitoka namwachia vyote vitatu. Nikirudi nakuta fremu ya mlango imetafunwa.

Swali langu ni moja tu: ni fumbo gani gumu zaidi litakalomshughulisha mpaka nirudi kutoka kazini? Tafadhali msiniambie nihame.

Kaka Mwamba
Pole mkuu. Ila mimi huwa nasema wazi: ukiwa na chumba kimoja, fuga paka. Mbwa anataka kukimbia na kubweka. Hata umpe mafumbo ya dunia nzima, kiumbe kile hukukiwazia kabla ya kukileta ndani.

Nyayo Nne
Kaka Mwamba, acha kumvunja moyo mwenzio. Mimi nimefuga katika nyumba ndogo miaka mingi. Dawa ni kumchosha. Amka mapema, mtembeze, mkimbize kidogo, arudi ulimi nje. Mbwa aliyechoka hana nguvu ya kutafuna mlango. Mafumbo ni nyongeza tu.

Mama Pua
Kumtembeza ni sawa, ila umtembeze akinusa, sio kuvutwa kamba mbio mbio. Mbwa akiachiwa anuse ukingo wa njia kwa mwendo wake, anarudi ametulia kuliko aliyekimbizwa.

Na mafumbo magumu sio ya kuanzia. Mimi hutumia boksi la kawaida. Toa utepe wa gundi na pini zote kwanza. Chukua robo ya chakula chake cha siku, kimwage ndani ya boksi lililo wazi, aone kwamba humo mna kitu. Akishazoea, weka karatasi zilizokunjwakunjwa juu yake ili afukue kwa pua. Baadaye ndipo unafunga mbawa za boksi bila kuzibana. Unaongeza ugumu pale tu anapomaliza bila kusita. Ukimwona anabweka kuelekea boksi, analipiga teke au anakuangalia wewe badala ya boksi, umeruka hatua. Rudi nyuma moja.

Hiyo robo unaipunguza kwenye bakuli lake, usiiongeze juu, la sivyo atanenepa.

Tumbo Moto
Mimi nakuja na onyo. Wangu alimeza vitambaa vya mkeka wa kunusia, vile vya nyuzi ndefu. Akatapika, akakataa chakula, tukaenda kwa daktari wa mifugo, akapasuliwa. Daktari alinieleza kwamba uzi mrefu ukinasa mahali pamoja, utumbo unaendelea kuuvuta na kujikunja juu yake mpaka unachanika. Tangu siku hiyo mkeka wa kunusia hukaa juu ya kabati, nautoa nikiwa nimeketi pale pale, akimaliza naurudisha. Mpangaji, wewe unauacha naye peke yake siku nzima?

Mpangaji Mdogo
Ahsante Tumbo Moto, nitauondoa. Ila wangu hali vitambaa. Naomba turudi kwenye swali: fumbo gumu.

Mkufunzi wa Uani
Mpangaji, kabla ya fumbo jingine, nijibu hili. Ukirudi jioni, chakula ulichoacha kwenye hayo mafumbo kimeliwa?

Mpangaji Mdogo
Ndiyo, kinaliwa chote. Ndiyo maana nataka gumu zaidi.

Mkufunzi wa Uani
Kinaliwa kabla hujafungua mlango, au baada ya wewe kuingia?

Nyayo Nne
Kuna tofauti gani mkuu? Si kimeliwa?

Mpangaji Mdogo
Baada. Anakula mimi nikiwa nimeingia, hata viatu sijavua. Lakini nadhani ananisubiri kwa upendo tu. Na kwa kweli nimeshapata suluhisho la upande huo: nimelipia kizimba cha vyuma, kinaletwa wiki hii. Atakaa humo na mpira wake, mlango utakuwa salama. Jirani naye ameshalalamika mara kadhaa juu ya mlio. Nilichohitaji kutoka kwenu ni fumbo la kuweka humo ndani.

Shahidi wa Pili
Hapa nasimama. Kwanza chakula kinaliwa chote. Sasa hakiliwi mpaka arudi. Mwanzo hakukuwa na jirani, sasa yupo na analalamika. Na mtu ambaye hayupo nyumbani amejuaje mbwa anakula saa ngapi? Uzi huu umetungwa, tunapotezewa muda.

Kaka Mwamba
Nami nilihisi hivyo.

Tumbo Moto
Hata kama umetungwa, mimi nimejifunza mambo ya boksi. Tuendelee.

Mpangaji Mdogo
Sijatunga. Jirani sikumtaja kwa sababu naona aibu. Nimejua kwa sababu niliacha simu ya zamani juu ya rafu ikirekodi video.

Nikifunga mlango anakaa kimya kidogo, halafu anaweka pua kwenye upenyo wa chini ya mlango na kuanza kuvuta pumzi kwa nguvu. Baada ya hapo anazunguka kati ya mlango na dirisha, anahema mdomo wazi, mate yanadondoka mpaka sakafu inang'aa. Mpira wenye chakula uliviringika ukagonga mguu wake wa mbele, akauruka kama jiwe. Kisha akaanza kukwangua fremu na kulia mlio mrefu. Video ikaisha akiwa bado hajatulia. Niliporudi kucha moja ilikuwa na damu.

Mama Pua
Mungu wangu. Mwanangu, ungeanza na hii.

Mkufunzi wa Uani
Asante kwa kueleza, na Shahidi, maelezo haya siyo ya kutungwa. Mate yale na pua chini ya mlango nimeyaona kwa wengi.

Mbwa mwenye hofu kali mara nyingi hali chakula. Mpe hata kipande cha nyama anachokipenda kuliko vyote, atakiacha. Mbwa mwenye uchovu wa kukosa kazi hufanya kinyume: anakula kwanza, analala, halafu anaamka na kutafuta cha kuharibu, mara nyingi kiatu, mto au kapu la taka. Wako anaharibu mahali ulipotokea tu, na anaanza mara tu unapoondoka.

Lakini usiniamini kwa maneno, pima. Kwanza mpe lile bakuli la vifuniko ukiwa umekaa sebuleni. Akilimaliza, fumbo analiweza. Siku nyingine, ukitoka kwa dakika chache, usiweke fumbo lolote. Mwaga punje chache za chakula chake sakafuni, wazi kabisa, rekodi. Asipozigusa, basi ugumu wa fumbo hauhusiki hata kidogo, na fumbo gumu zaidi halitabadili chochote.

Mpangaji Mdogo
Nimepima. Bakuli alilimaliza nikiwa nimekaa pembeni, tena kwa haraka. Zile punje za sakafuni alizikanyaga akielekea mlangoni. Nilipoingia ndipo akazilamba zote.

Lakini kizimba nimekwisha kulipia. Na watu wengi wanasema mbwa hukiona kama pango lake, anatulia.

Nyayo Nne
Kweli, wangu analala kizimbani kwa hiari yake.

Mkufunzi wa Uani
Wako, Nyayo Nne, alikizoea taratibu mlango ukiwa wazi, na hana hofu hii. Mbwa anayepambana na mlango wa mbao atapambana na vyuma. Hapo ndipo meno huvunjika na kucha kung'oka. Kizimba kikifika, kiache wazi, tupa chakula humo ukiwepo, aingie na kutoka atakavyo. Usimfungie na kuondoka.

Na hayo mafumbo matatu acha kuyatoa wakati wa kuondoka. Mpira unaotolewa tu unapotaka kwenda unageuka kuwa tangazo la safari. Mpe jioni, mpe asubuhi ukiwa bado unakunywa chai. Mpira uanze na chakula kikavu kinachodondoka chenyewe, baadaye ukilowanishe kidogo kigande, mwishowe ndipo ukigandishe kwenye friza. Ukipaka siagi ya karanga, soma kopo: ikiwa na kitamu kiitwacho zailitoli ni sumu kwa mbwa.

Kazi yenyewe ni kujifunza kubaki peke yake. Fungua mlango, funga, rudi kabla hajaanza kuhema. Labda ni sekunde chache tu. Ukiona kwenye video ametulia kweli, masikio laini, amelala, ndipo unaongeza kidogo. Ikiwa siku hiyo hayuko sawa, unapunguza. Shida ni kwamba katika kipindi hicho hatakiwi kuachwa kwa muda asioumudu, maana kila hofu kubwa inarudisha nyuma ulichojenga. Tafuta mtu wa kukaa naye. Na daktari wa mifugo amwone, siyo kwa kucha tu. Zipo dawa za kupunguza hofu, kama fluoksetini, ambazo daktari huandika ziende pamoja na mafunzo.

Nyayo Nne
Bado nasema kumtembeza asubuhi kunasaidia.

Mkufunzi wa Uani
Kunasaidia, sikatai. Ila mtu anayeogopa hatulii kwa sababu miguu imechoka.

Mama Pua
Na mbwa akikaa kwa mtu, apelekwe na taulo lenu la zamani. Mwaga punje juu yake, likunje kama mkeka, alifungue kwa pua. Kazi anayoijua, na harufu ya nyumbani.

Tumbo Moto
Swali langu dogo: wangu anapenda pembe ngumu za kutafuna. Ni salama?

Mkufunzi wa Uani
Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Usipoacha alama hata kidogo, ni ngumu mno. Huwa inapasua lile jino kubwa la juu nyuma. Mifupa iliyopikwa nayo usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Na chochote kikipungua mpaka kinaenea chote mdomoni, mbadilishie na kitu kingine, usimnyang'anye.

Mpangaji Mdogo
Mtu wa kukaa naye mchana nitampata kwa siku chache za wiki, si zote. Siku zilizobaki sijui. Kazini siwezi kuomba ruhusa sasa hivi.

Kaka Mwamba
Yule jirani anayelalamika, yeye hushinda nyumbani?

Mpangaji Mdogo
Hushinda. Ni mama mtu mzima, anaishi peke yake.

Mama Pua
Basi bisha hodi, mwombe radhi kwa kelele kwanza. Hilo la pili utaliona mwenyewe usoni pake kama linafaa kusemwa leo.

Mpangaji Mdogo
Nitakwenda jioni hii. Mbwa niende naye au nimwache?

Mkufunzi wa Uani
Nenda naye, kamba mkononi, na mfuko wenye punje chache. Mwombe mama azitupe sakafuni yeye mwenyewe, asimnyooshee mkono. Akizila, ni mwanzo mzuri. Asipozila, mrudi mapema.