Kitufe cha pembeni cha iPhone 11 kimekufa, je kugonga mgongo wa simu kunatosha?

MtotoWaChikongola
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini. Nina iPhone 11 ambayo kitufe cha pembeni hakifanyi kazi kabisa, ukikibonyeza ni kama umebonyeza ukuta. Nimesikia mtu akigonga mgongo wa simu mara mbili inaweza kufunga skrini, kupiga picha ya skrini, hata kupiga simu. Naomba anielekeze anayejua, ili nisiende kwa fundi kuifungua.

Mama_Shangani
Kaka, fundi asikutishe. Nenda Settings > Accessibility > Touch > Back Tap. Kuna Double Tap na Triple Tap, kila moja unaipa kazi yake. Mimi mara mbili ni Lock Screen, mara tatu ni kurunzi. Umeme ukikatika naipata taa kabla sijamaliza kusema "jamani".

BodaMingoyo
Mie hiyo kitu ilinitesa. Simu naiweka kwenye kishikio cha pikipiki nikifuata ramani. Kila nikipita matuta ya Mnazi Mmoja taa inawaka. Abiria wanadhani nawamulika wenye magari makusudi.

Mpiga_Korosho
Hamna haja ya kugonga mgongo. Washa AssistiveTouch, kile kiduara cheupe kinachoelea kwenye kioo. Kinafanya kila kitu cha kitufe. Mie nina mwaka wa pili bila kitufe na sijawahi kukwama.

FundiWaLigula
Mpiga_Korosho, "kila kitu" hapana. Kiduara kinafunga skrini, kinapandisha sauti, na ndani ya Device > More kuna Restart na SOS. Kuzima kabisa kuna Settings > General > Shut Down. Ila simu ikiganda, kioo hakisikii kidole, na kiduara nacho kimeganda. Dawa yake ni kubonyeza sauti juu, kisha sauti chini, kisha kushikilia kitufe cha pembeni mpaka nembo itokee. Kitufe kikiwa kimekufa unasubiri chaji iishe, halafu unachomeka waya.

Mleta mada, na kugonga mgongo kuna sharti moja ambalo watu hulisahau: skrini iwe inawaka. Simu ikiwa imelala haisikii chochote. Kwenye 11 unaweza kuiamsha kwa kugusa kioo au kuinyanyua, kwa hiyo hapo hukwami. Lakini nani atakayeitumia? Wewe unayo mkononi sasa hivi?

MtotoWaChikongola
Ninayo, ndiyo. Tuseme naitumia.

FundiWaLigula
"Tuseme" sijaielewa, ndugu. Ukiificha hali halisi utapata ushauri wa mtu mwingine.

MtotoWaChikongola
Sawa, nisiwachoshe. Simu bado haijawa yangu. Nimelipa 200,000 kati ya 450,000, iliyobaki namalizia malipo ya korosho yakitoka. Anayeiuza kanipa siku 2 niijaribu. Si ya kwangu mwenyewe. Ni ya baba, yuko Tandahimba. Alipata kiharusi mwaka jana, mkono wa kulia umepooza, anatumia wa kushoto tu. Anakaa peke yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ninataka akigonga mgongo mara mbili, simu inipigie mimi. Ndiyo maana nilisema kitufe si tatizo kubwa.

Bibi_Mikindani
Mwanangu, mnunulie kiswaswadu. Unaweka namba yako kwenye tarakimu ya 2, anaishikilia kwa kidole gumba, inapiga. Chaji wiki nzima. Watoto wa siku hizi mnataka wazee waishi kama nyie.

MtotoWaChikongola
Bibi, anacho tayari. Anachotaka ni kumwona mjukuu wake aliye Dar kwenye video. Kila Jumapili ananiuliza lini. Na nimeshamwahidi.

Mpiga_Korosho
Samahani, mie nina shaka. Saa 2 zilizopita simu ni yako, sasa ni ya mzee mgonjwa. Wiki iliyopita humu kulikuwa na mtu wa Mtwara anauza 11 kitufe kibovu kwa bei hiyohiyo. Wewe ndiye muuzaji, unatafuta maneno ya kumpa mteja. Au ni simu ya wizi.

Mama_Shangani
Hata mie nilishangaa kidogo. Mbona hukusema mapema?

MtotoWaChikongola
Kwa sababu nilijua mtaniambia nisinunue, na hela imeshatoka. Inawezekana ndiyo hiyohiyo mliyoiona, mimi ndiye mnunuzi. Baba nimemwacha jana akiwa kwenye mkeka barazani. Mtu akitaka kuamini aamini.

FundiWaLigula
Iwe kweli iwe uongo, jibu ni lilelile, na litamfaa mtu mwingine mwenye mzee kama huyo.

Chukua simu kwa mkono wako wa kushoto tu, mwingine uuweke mgongoni. Sasa jaribu kugonga mgongo wake mara mbili kwa kidole cha shahada cha mkono huohuo. Umeona? Ili ugonge, inabidi ulegeze mshiko. Kijana anaweza. Mzee ataiangusha. Na ikiwa imelala mezani, mgongo uko chini, hana pa kugonga.

Kwa hiyo kazi ya kupiga simu usiipe mgongo, ipe kiduara. Fungua Shortcuts, tengeneza njia ya mkato yenye kitendo cha Call, weka namba yako. Kisha Settings > Accessibility > Touch > AssistiveTouch, kwenye Single-Tap chagua hiyo njia ya mkato. Simu inalala mezani, anagusa kioo kiwake, anagusa kiduara mara moja. Kwenye Long Press weka Open Menu ili wewe usikose menyu. Ijaribu skrini ikiwa imefungwa, maana ikiwa na namba ya siri inaweza kumdai afungue kwanza.

Mama_Shangani
Kuna na Assistive Access, iliyokuja na iOS 17 mwaka 2023. Vitufe vinakuwa vikubwa kama vigae, unambakizia simu na picha tu. Mama yangu anaipenda sana.

FundiWaLigula
Nzuri kweli, dada. Ila kutoka humo kunatumia kitufe cha pembeni, mara 3. Kwa simu hii naogopa utaingia ushindwe kutoka. Mie sijawahi kuijaribu bila kitufe.

Mleta mada, kabla hujamaliza deni fanya mawili mbele ya muuzaji. Izime kwa Shut Down, kisha ichomeke: isipowaka kwa chaji, siku itakapozima Tandahimba hakuna wa kuiwasha. Pili, aifute yote pale Transfer or Reset iPhone, muianze upya. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, dai 200,000 yako.

BodaMingoyo
Na mie vipi matuta?

FundiWaLigula
Mgongo hauna kihisi chake, simu inasikiliza mtikisiko, na tuta nalo ni mtikisiko. Ukiwa barabarani weka None. Na kishikio cha pikipiki chenyewe kinaweza kuumiza kamera, Apple walilisema hilo mwaka 2021.

MtotoWaChikongola
Nimerudi. Imewaka kwa chaji. Imefutwa, haikuomba akaunti ya mtu. Muuzaji kashusha mpaka 400,000. Kiduara kinanipigia vizuri skrini ikiwa wazi. Ikiwa imefungwa inadai namba ya siri. Nafikiria kuitoa hiyo namba kabisa, simu haitoki nyumbani.

Bibi_Mikindani
Na mgeni akiingia barazani?

MtotoWaChikongola
Hapo bado sijajua, bibi. Jumamosi nampelekea, nitamwona anavyoishika.