Tupeane uzoefu: kubadilisha rangi ya satini, ngozi na vimetameta kwenye picha bila kuua mng'ao

Nuru_Picha: Wadau, mfano ni huu: gauni la satini la rangi ya krimu, mwenye picha anataka liwe kijani kilichokolea. Ukipaka rangi juu, gauni linaonekana kama plastiki. Mnafanyaje ili mng'ao uendelee kufuata mikunjo?

Kibo88: Rahisi. Chagua gauni, fungua Hue/Saturation, weka tiki kwenye Colorize, vuta Lightness chini hadi kijani kikolee. Dakika mbili tu.

Shangazi_Cherehani: Mwanangu, angalia kwanza kitambaa. Satini ya poliesta haishiki rangi za kawaida za pamba hata uichemshe, inataka rangi yake maalumu na maji ya moto sana. Na ngozi usiichemshe kabisa, itasinyaa na kukakamaa.

Nuru_Picha: Shikamoo shangazi, asante. Hapa nazungumzia picha kwenye Photoshop, gauni lenyewe halitaguswa.

MzeeWaLeya: Kibo yuko sahihi kwamba Colorize inabadilisha rangi, ila Lightness ndiyo inayoharibu. Ukiivuta chini inashusha kila kitu, mpaka ile michirizi myeupe kwenye mikunjo inakuwa kijivu. Satini bila michirizi hiyo ni kitambaa cha kawaida tu.

Tenganisha kazi mbili: giza na rangi. Kata maski safi ya gauni, uitumie kwenye leya zote mbili. Leya ya chini iwe Curves. Shika katikati, Input 128, ushushe mpaka Output karibu 70. Kisha weka nukta nyingine juu, Input 240, uiache kwenye 230 hivi. Kwa hiyo mwili wa kitambaa unaingia giza lakini mng'ao unabaki juu. Krimu ni rangi nyepesi mno. Bila hatua hii kijani chako kitatoka hafifu kama mnanaa, hata uchague kijani gani.

Juu yake weka Solid Color ya kijani, hali iwe Color. Hiyo inaazima mwanga wa leya za chini na kuleta rangi peke yake. Halafu bonyeza leya hiyo mara mbili, nenda Blend If, mstari wa Underlying Layer. Shika Alt, upasue kishale cha kulia: nusu iache 190, nusu 235. Rangi itapungua taratibu kadiri mkunjo unavyopanda kuelekea taa.

Kagua kwenye bega na goti kwa asilimia 200. Mchirizi ukiwa na ukingo mkali kama umechorwa kwa chaki, Curves yako imesimama wima mno kati ya zile nukta mbili. Pandisha ya katikati, jaribu 85.

Binti_Maski: Hapo kwenye Blend If sikubaliani kwa satini. Rangi ya krimu ya zamani inarudi kwenye mng'ao, na kwenye kijani inaonekana kama doa la mafuta. Mimi huiacha rangi ipite mpaka juu kabisa, kisha nashusha Opacity kidogo.

MzeeWaLeya: Hoja ya krimu kurudi ni ya kweli. Weka Hue/Saturation chini kabisa, kwa maski ileile, Saturation -100, ili kinachorudi kiwe cheupe. Lakini taa ikiwa ya manjano ukumbini, mng'ao mweupe kabisa nao unashtua. Inategemea picha.

Kibo88: Na koti la ngozi nyeusi kuwa jekundu? Nimeweka Color, halibadiliki.

MzeeWaLeya: Nyeusi haina mwanga wa kubeba rangi. Inua vivuli tu: Curves, Input 20 iende Output 55 hivi, sehemu ya juu ibaki palepale. Kwenye ngozi Blend If ni ya lazima, kwa sababu mng'ao wake ni taswira ya dirisha au taa yenyewe, hauna rangi ya koti. Usiinue kupita kiasi: picha ya JPEG itaanza kutoa chenga na vijisanduku gizani, na hakuna dawa nzuri.

Binti_Maski: Vimetameta ni kinyume cha ngozi. Vibamba vya dhahabu hung'aa kwa rangi yao wenyewe, kwa hiyo ukiondoa rangi kwenye mng'ao vinageuka fedha. Na vile vinavyobadilika rangi kila vikigeuka, usitumie Colorize wala Color, vyote vitakuwa rangi moja. Zungusha Hue peke yake, tofauti kati ya kibamba na kibamba itabaki.

Nuru_Picha: Imekubali kwenye satini, kwa 85. Sasa kidevu na mkono vimebaki na mwanga wa krimu kutoka kwenye gauni la zamani. Mnauacha au mnaupaka kijani?

Binti_Maski: Brashi laini, hali ya Color, Opacity asilimia 8 mpaka 10, upande unaotazama gauni tu.

MzeeWaLeya: Krimu mimi naiacha. Ngozi ya mtu yenye kijani inaonekana mgonjwa.