Waraka wa mwenye nyumba: nichague saa ipi ya kukaguliwa dari?

Kutoka: Mama Akinyi, Mikocheni

Ndugu zangu Wakenya tunaoishi Dar es Salaam, natumaini mu wazima. Juzi nilikuta chini ya mlango waraka wa mwenye nyumba, na kwa kuwa kule Nairobi nilizoea msimamizi kugonga mlango akiwa tayari ameongozana na fundi, adabu ya waraka huu imenifurahisha na kunitatiza kwa pamoja. Nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Mpangaji wa ghorofa ya tatu, salaam. Nimepata taarifa yako kuhusu dari ya bafu. Naomba uchague muda utakaokufaa ili nije na fundi kukagua kabla ya kupanga matengenezo: Jumanne saa 3:00 hadi 5:00, Alhamisi saa 10:00 hadi 12:00, au Jumamosi muda wowote kabla ya adhuhuri. Nijulishe kabla ya Jumatatu. Ahsante."

Dari yenyewe ni ya jipsamu. Imevimba kiasi cha sahani kubwa karibu na taa, na imezungukwa na doa la rangi ya chai. Nimeona ajabu moja: asubuhi doa huwa bichi, lakini nikirudi kazini jioni limekauka. Mvua haijanyesha tangu mwezi wa saba uanze. Nataka kuchagua Jumanne, kwa sababu saa tatu alasiri naweza kuomba ruhusa kazini. Je, kuna ubaya? Na je, ni lazima niwepo mwenyewe, au nimwachie mlinzi ufunguo?

Kutoka: Barasa, Mbezi Beach

Dada, kabla ya kuchagua siku, jua haki yako. Mwenye nyumba hawezi kuingia bila kukupa taarifa ya maandishi ya saa 24, na hata akikupa, unaweza kukataa. Nilipoishi Uingereza jambo hili lilikuwa wazi kabisa, na sioni kwa nini hapa liwe tofauti. Usimwachie mlinzi ufunguo. Ukiuacha, siku kitu kikipotea utabaki kulalamika tu, kwa maana mwenye nyumba atasema ulitoa kwa hiari yako.

Kutoka: Bi. Mwanaisha, Kariakoo

Mwanangu, mimi naogopa neno hilo "kukagua". Mwaka juzi nilipohama Ilala, mwenye nyumba alikuja kukagua hivyohivyo, akahesabu kila tundu la msumari ukutani na kila kigae kilichopasuka, kisha akakata nusu ya amana yangu. Nakushauri uzipige picha kuta zote leo, uandike kwamba huhami, na udai arudishe amana kwanza ndipo umfungulie mlango.

Kutoka: Mzee Katana, Kinondoni

Nimesimamia majengo ya kupangisha hapa mjini miaka kumi na minne, nami naomba tuusome waraka kama ulivyoandikwa. Bi. Mwanaisha, yaliyokupata ni ya mpangaji anayeondoka, na picha ni ushauri mzuri siku zote, lakini Mama Akinyi haondoki. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa ya dari, na mwenye nyumba anamjibu. Akidai amana kwanza, atakuwa ameigeuza fadhila kuwa ugomvi.

Bwana Barasa ana nusu ya ukweli. Hizo saa 24 za maandishi zimo katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji. Hapa tunatumia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo inamruhusu mwenye nyumba au mtu wake kuingia katika nyakati zinazofaa ili akague hali ya jengo au alitengeneze, ilimradi asimsumbue mpangaji pasipo sababu. Haitaji idadi ya saa. Mkataba wako wa pango unaweza kutaja, kwa hiyo ufungue uutazame, lakini anayekupa siku tatu uchague amekwishatimiza zaidi ya hapo. Sheria hiyohiyo inamtaka aiweke nyumba ya kuishi katika hali ya kukalika na binadamu, na hawezi kulitimiza hilo ikiwa haruhusiwi kuingia.

Sasa nije kwenye saa, kwa maana hapo ndipo dada yetu anapojikwaa. Jumanne "saa 3:00" si alasiri. Sisi Wakenya mdomoni tunasema saa tatu asubuhi kama wenyeji, lakini tukiona tarakimu tunazisoma kama saa ya simu. Mtanzania anapoandika saa 3:00 anamaanisha saa tatu ya jua, na waraka huu umesahau kutaja asubuhi wala jioni. Fuata mpangilio wa muda: saa 3:00 hadi 5:00 ni asubuhi, na saa 10:00 hadi 12:00 ya Alhamisi ni jioni kabla ya magharibi. Ungechagua Jumanne ukidhani ni alasiri, fundi angegonga mlango ukiwa kazini, kisha mngelaumiana bure. Unapojibu, andika kwa maneno, "saa moja asubuhi", wala usitegemee tarakimu peke yake.

Lakini muda unaokufaa wewe si lazima uufae uvujaji. Umesema doa ni bichi asubuhi na kavu jioni, na kwamba hakuna mvua. Nijibu mambo matatu. Juu ya bafu lako kuna nini? Maji hupandishwa saa ngapi? Na usiku huwa unasikia maji yakimwagika?

Kutoka: Mama Akinyi, Mikocheni

Mzee, nimeona aibu kidogo kuhusu saa, nashukuru. Sisi ndio ghorofa ya mwisho. Juu yetu ni zege la paa, na juu yake matangi mawili ya plastiki, moja likiwa sawasawa na bafu langu. Maji ya bomba huingia katika tangi la chini, kisha mlinzi huwasha pampu kuyapandisha, aghalabu saa sita au saa saba za usiku wakati wapangaji wamelala. Sauti ya maji kumwagika nimeisikia mara mbili, nami nilidhani ni jirani anaoga.

Kutoka: Mzee Katana, Kinondoni

Basi ninashuku tangi kufurika, ingawa siwezi kuapa nikiwa Kinondoni. Ndani ya tangi kuna boya ambalo hupanda pamoja na maji na kufunga koki tangi linapojaa. Boya likitoboka au mkono wake ukipinda, koki haifungi, na mlinzi akiwa amelala pampu huendelea kusukuma. Maji ya ziada yangepaswa kutoka kwa bomba la kumwagia nje. Bomba hilo likiziba, hupita juu ya mfuniko, yakatuama kwenye zege, kisha yakatafuta tundu ambamo bomba la kushushia linapita. Chini ya tundu hilo ndipo jipsamu yako ilipo. Mchana pampu haiwashwi, joto hukausha, na fundi akija saa tano atakuta dari kavu, aseme ni unyevu wa mvuke wa bafu, apake rangi, aende zake. Nimeona dari moja ikipakwa rangi mara tatu kwa sababu hiyo.

Kama kasoro ingekuwa kwenye kiungo cha bomba linaloshusha maji, doa lingekuwa bichi mchana na usiku, kwa kuwa maji humo hayaishi. Kama ingekuwa paa, lingengoja mvua. Ili usibahatishe, chukua penseli ya rangi, uchore ukingo wa doa kila asubuhi na kuandika siku pembeni. Muulize mlinzi ni usiku gani pampu iliwashwa. Doa likikua baada ya usiku wa pampu tu, utakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mwenye nyumba.

Kwa hiyo chagua Jumamosi, saa moja asubuhi, na uombe jambo moja katika jibu lako: mlinzi asijaze matangi usiku wa kuamkia Jumamosi, ili pampu iwashwe mbele yenu na mtu apande juu atazame tangi likijaa. Hilo linahitaji umeme uwepo, kwa hiyo mtajie siku mbadala. Taa ya bafu izimwe kwenye swichi kuu mpaka ukaguzi uishe, na mtu asisimame chini ya ule uvimbe.

Kutoka: Barasa, Mbezi Beach

Nakubali kuhusu sheria, Mzee. Kuhusu ufunguo sijabadilika. Awepo mwenyewe.

Kutoka: Mama Akinyi, Mikocheni

Nilijibu hivi, nikauacha waraka kwa mlinzi na kumtumia mwenye nyumba picha yake kwa simu:

"Nimepokea waraka wako, nashukuru kwa kunipa nafasi ya kuchagua. Naomba tukutane Jumamosi, saa moja asubuhi. Kwa kuwa doa huwa bichi baada ya usiku ambao pampu imewashwa, naomba matangi yasijazwe usiku wa kuamkia Jumamosi, ili fundi alione tangi la juu likijaa. Umeme ukikatika, nitakuwepo pia Alhamisi ijayo, saa kumi na moja jioni."

Alama za penseli zilikua Jumatano na Ijumaa asubuhi. Alhamisi asubuhi doa halikusogea, na mlinzi alithibitisha kwamba usiku uliotangulia hakuwasha pampu.

Jumamosi mwenye nyumba alifika saa moja na robo. Pampu ilipowashwa, tangi lilijaa baada ya kama dakika arobaini, na fundi akatuita kutoka juu. Boya lilikuwa limelala upande, lina maji ndani yake, na bomba la kumwagia limezibwa na mfuko wa plastiki uliooza. Maji yalipita kwenye mfuniko mbele ya macho yetu, na robo saa baadaye tone la kwanza likadondoka bafuni. Boya lilibadilishwa siku hiyohiyo. Tundu kwenye zege bado, kwa sababu fundi anataka pakauke kabla ya kuziba.

Jana nimepata waraka wa pili. Mwenye nyumba anataka nichague siku ya fundi wa jipsamu, na safari hii ameandika "asubuhi" na "jioni" kwa wino mzito. Sijachagua. Nimemwomba tuache kwanza usiku nne au tano za pampu zipite bila doa kuvuka mstari wa penseli, na kabla ya hapo tundu liwe limezibwa. Amekubali, ila anauliza nani atalipia kabati dogo la bafuni lililovimba miguu. Mkataba wangu hausemi lolote kuhusu vitu vya mpangaji. Mzee Katana, na wengine mliowahi kupatwa na hili, mlikubaliana vipi?

Kutoka: Bi. Mwanaisha, Kariakoo

Kabati lipige picha leo, mwanangu, kabla halijakauka.