Nakatwa mshahara kwa kilo za mawese ambazo hazijawahi kuingia stoo

StooUjiji
Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Natunza stoo ya mawese hapa Kigoma, mwaka wa sita. Tarehe 30 Juni tumehesabu: leja inasema kilo 2,640, mizani ikasema 2,186. Pungufu 454. Mhasibu kanipa siku tatu nijieleze kwa barua, lakini hata sijaandika neno, jina langu limeshaingia kwenye orodha ya makato! Sasa barua yenyewe ya nini? Hii hapa, isomeni kabla sijaipeleka:

*YAH: UPUNGUFU WA KILO 454 ZA MAWESE*

*Mhasibu, husika na somo hapo juu. Nimefuatilia na kuona sababu hizi:*

*1. Kilo 342. Tarehe 18 Juni tulipokea madumu 190 ya lita 20 kutoka Uvinza. Yalihesabiwa, hayakupimwa, na ofisi yako ikaandika kilo 20 kwa kila dumu. Kumi ambayo hayajafunguliwa nimeyapima mbele ya mlinzi, nikatoa uzito wa dumu tupu: wastani ni kilo 18.2. Pungufu ya kilo 1.8 kwa madumu 190 ndiyo hiyo 342. Kutoa tunatoa kwa mizani, kwa hiyo leja inapokea kilo hewa na kutoa kilo za kweli.*

*2. Kilo 91. Madumu matano yalitoka asubuhi ya 30 Juni kabla ya hesabu. Vocha iliandikwa 1 Julai, kwa hiyo siku ya hesabu leja ilikuwa bado haijayatoa.*

*3. Kilo 21. Nadhani ni mafuta yaliyoganda chini ya mapipa na dumu moja lililokuwa likivuja. Sina uthibitisho.*

*Naomba makato yasimame mpaka namba 1 na 2 zihakikiwe.*

Mwanga_Sokoni
Kaka, mshahara haukatwi kabisa kwa sababu ya upotevu. Sheria imekataza. Nenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kesho asubuhi, achana na barua.

AsaliTabora
Pole sana. Kwetu Tabora stoo ya asali ilizidi, tena kwa mamia ya kilo, na hakuna aliyeulizwa. Bosi alifurahi tu. Labda mawese yenu yanakauka kwa joto?

Mkaguzi_Mstaafu
Mdogo wangu wa asali, mafuta hayakauki kama maji. Ila umeleta ushahidi mzuri bila kujua. Dumu la lita 20 la asali lina kama kilo 28, mkiliandika kilo 20 lazima stoo izidi. Mawese ni mepesi kuliko maji, lita moja ni gramu 900 na kidogo. Kwa hiyo dumu lililojaa sawasawa linatoa kilo 18 na ushee, hizo hizo alizopata StooUjiji. Msambazaji hakuwapunja.

StooUjiji, ongeza jambo moja kwenye barua: mlilipa kwa dumu au kwa kilo? Kama ni kwa dumu, kampuni haikupoteza hata shilingi kwenye hizo 342. Halafu fungua leja za nyuma. Wizi hauna mpangilio. Hili kosa litajirudia kila mzigo uliohesabiwa bila kupimwa, kama kilo tisa kwa kila mia iliyoandikwa. Ukilionyesha kwa mizigo mitatu tu, hakuna mhasibu atakayebisha.

Na kuhusu makato, Mwanga_Sokoni amekosea kidogo. Sheria ya Ajira ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu, ila kwa masharti: kosa liwe lako, mwajiri akuandikie chanzo, kiasi na alivyokipata, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kukuingiza kwenye orodha kabla ya kukusikiliza hakukubaliki.

Lakini namba 2 ni kosa lako. Mali haitoki bila vocha, hata aje mkurugenzi mwenyewe.

StooUjiji
Mzee wangu, hilo nakubali. Dereva alikuwa anawahi boti, mwenye vocha hajafika, nikamhurumia. Daftari la geti lina madumu matano, saa 1:10 asubuhi, na sahihi ya dereva. Nimelipiga picha.

Malipo ni kwa dumu! Ankara ninayo. Yaani nakatwa kwa kilo ambazo hata hazikununuliwa!

Mwanga_Sokoni
Mimi bado nasema CMA.

Mkaguzi_Mstaafu
Barua kwanza, nakala kwa meneja, na mhasibu asaini kuipokea. Ambatisha picha na ankara.

StooUjiji
Sawa mzee. Na zile 21? Nikiacha "nadhani" ibaki, ataning'ang'ania hapo hapo. Nikizifuta, hesabu haitimii.

Mkaguzi_Mstaafu
Usizifute. Kwangu mimi ningeziandika hivyo hivyo. Wapo wakaguzi watakaokukatalia.