Masaa ya ziada yakifutwa mwisho wa mwezi: ni haki ama ni kazi ya bure?

Mwanafleksi wa Upper Hill: Kazini tuko na fleksi, masaa 40 kwa wiki, lazima uwe ofisini saa nne hadi saa tisa, kwingine unajipangia. Ukizidisha unaweka akiba, ukipunguza unadaiwa. Akaunti inafungwa kila mwezi na unavuka na masaa 10 tu, mengine yanafutwa. Mwezi wa sita nimepoteza 6. Hiyo si kazi ya bure?

Jirani wa Donholm: Hakuna kesi hapo. Masaa ya kawaida Kenya ni 52 kwa wiki, wewe uko 40, ovataimu huna mpaka upitishe 52. Hata hizo 10 wamekufanyia hisani.

Mama Peslipu: Nimefanya mishahara miaka mingi, jirani hiyo 52 ni kweli iko kwa agizo la jumla la mishahara lakini hapo ndio dari, sio sakafu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mkataba ukikupa masharti mazuri kuliko sheria, mkataba ndio unashika. Kama barua yake inasema 40 basi tunahesabu kutoka 40, ingawa kama ovataimu inaanza saa ya 41 itategemea barua imeandikwa aje. Mwenye swali, tupe hesabu yako yote, ulianza mwezi na ngapi na ulipiga kadi masaa mangapi?

Mwanafleksi wa Upper Hill: Nilianza na +10. Siku za kazi zilikuwa 22 pamoja na Madaraka, so 176. Kadi inasema 174, wakaongeza 8 za Madaraka ikawa 182.

Mama Peslipu: Sawa, sikukuu waliihesabu vizuri, wangeiandika sufuri ungeonekana unadaiwa 2 na hukukosa hata siku moja, hilo kosa nimeliona mara nyingi. Kwa hivyo +6 ya mwezi juu ya +10 ni 16, wakakata ikabaki 10. Ungechukua ofu ya siku moja kabla kufunga, 16 toa 8 ingekuwa 8, na hakuna kitu kingepotea. Sasa swali ninalojali: hayo masaa 6 ulijikalia mwenyewe ama uliambiwa ukae?

Mlinzi wa Industrial Area: Sisi tunaingia saa kumi na mbili asubuhi tunatoka saa kumi na mbili jioni na hata ofu ya wiki unanyimwa, mimi nina wiki tatu sijapumzika, nidai wapi?

Mama Peslipu: Pole sana ndugu. Yako sio fleksi kabisa, siku moja ya kupumzika katika kila siku saba ni haki ya sheria, enda ofisi ya leba na rekodi ya zamu zako.

Mwanafleksi wa Upper Hill: Bosi alituambia tusitoke hadi ripoti iishe, siku tatu za mwisho, masaa mawili kila siku.

Mama Peslipu: Basi hayo hayakufaa kuingia akiba hata dakika moja. Akiba ni ya masaa umejichagulia mwenyewe, uliyoagizwa ni ovataimu. Yatoe: 182 inakuwa 176, mwezi wako ni sufuri, unavuka na 10 zako zote. Halafu mshahara wa msingi ukiwa tuseme 54,000, gawa kwa 225 upate 240 kwa saa, ambayo ni ya chini kabisa, mara moja na nusu ni 360, kwa masaa 6 ni shilingi 2,160. Tafuta meseji ya bosi, bila hiyo watasema ulijikalia.

Mzee wa Chapa, River Road: Mimi ni mwajiri na ninaunga mkono kikomo. Kabla niweke, kijana alijaza masaa 60 akaomba wiki moja na nusu katikati ya msimu wa kalenda, na hiyo ni deni langu siku akiacha kazi. Lakini upande wa kudaiwa nimeweka −10 pia, kwa sababu huwezi kufuta masaa aliyozidisha mfanyakazi halafu ukamkata mshahara kwa yale anayodaiwa.

Mhasibu wa Westi: Hapo kwa usawa nakubali, ila nyote mmeruka tarehe. Sisi wahasibu tunafunga vitabu mwisho wa mwezi, masaa yanapanda kuanzia tarehe 26 na akaunti ya fleksi inafungwa tarehe 30, sasa hiyo ofu ya Mama Peslipu ningeichukua lini? Wiki ya pili niko bure kabisa na masaa yameshafutwa. Tuliomba ifungwe tarehe 15, kikomo kikabaki kile kile, na tangu hapo kwa kitengo chetu ni nadra mtu akatwe.

Jirani wa Donholm: Na mtu wa mauzo ambaye kazi yake inajaa katikati ya mwezi?

Mhasibu wa Westi: Huyo tarehe 15 itamuumiza, kweli. Labda kila kitengo na tarehe yake, ama wafunge kwa miezi mitatu.

Mzee wa Chapa, River Road: Miezi mitatu mimi siwezi, mtu ataniachia deni la masaa aende.

Mwanafleksi wa Upper Hill: Meseji nimeipata, iko kwa grupu ya kazi ya tarehe 26. Naipeleka kesho.