Tupeane uzoefu: selfi iliyonipa pua isiyo yangu

Binti wa Langoni
Assalamu alaykum. Wiki iliyopita tulikuwa na arusi ya dada yangu. Kabla ya wageni kujaa nikajipiga selfi kishorobani, mkono nimeukunja kwa kuwa vishoroba vyetu mwavijua, ukinyoosha mkono wagonga ukuta wa jirani. Wanja umekaa, kipini kinang'aa, ushungi umetulia, lakini pua! Imetangulia mbele kama omo la jahazi. Nikaifuta, nikapiga nyingine, ile ile. Usiku mzima nikawa najishika pua nikijiuliza kama imevimba.

Siku ya tatu mpiga picha akaleta za kwake. Ushungi ule ule, wanja ule ule, na pua yangu ya siku zote.

Basi jana nikapanda darini na utepe wa kushonea wa mama. Nikapiga picha tatu kwa simu ile ile, jua lile lile, lenzi imelingana na macho. Ya kwanza sentimita 30 kutoka puani, ya pili mkono umenyooka kabisa, ikawa 55, ya tatu simu nimeiegemeza kwenye mtungi mita 1.5. Kisha kila picha nikaikuza mpaka uso, shavu hadi shavu, ukawa milimita 60 kwenye kioo cha simu, nikapima upana wa pua kwa rula. Kwa 30 pua ilikuwa karibu milimita 20. Kwa 55 ikawa 18 na nusu. Kwa mita 1.5 ikawa 17 na nusu. Milimita mbili na ushei zasikika si kitu, lakini zitieni kwenye pua ya 17 muone.

Nani mwingine yamemfika? Na nyie mwafanyaje?

Nahodha wa Shela
Dada, hiyo ni lenzi. Kamera ya mbele ina lenzi pana, yabeba uso na ufuo mzima, lazima ivute vitu. Dawa yake zumu. Mimi nikipiga na wageni chomboni naweka mara 2, pua zote zarudi kwenye heshima zake. Simu za bei rahisi ndizo mbaya zaidi.

Picha za Mwambao, Malindi
Nahodha, dawa yako yaponya, ila ugonjwa umeutaja sivyo. Nimepiga arusi na pasipoti hapa Malindi miaka mingi, na jambo hili nimelieleza kwa bibi arusi zaidi ya mmoja aliyekuja na machozi.

Chukua vikombe viwili vya kahawa vilivyo sawa, uvipange barazani kimoja nyuma ya kingine, sentimita 12 kati yao. Hiyo ni kama nafasi kutoka ncha ya pua hadi masikioni. Weka simu sentimita 30 mbele ya kikombe cha kwanza. Cha nyuma kiko 42. Kwenye picha, cha mbele kitakizidi cha nyuma kwa zaidi ya theluthi, na wewe wajua vimetoka seti moja. Sasa rudi nyuma hadi mita 1.5. Kimoja kiko 150, kingine 162, na tofauti yao waitafuta kwa macho. Lenzi hujaigusa. Kilichobadilika ni pale uliposimama.

Uso ni hivyo hivyo. Simu ikiwa karibu, pua iko mbele sana ya mashavu kwa kulinganisha na safari nzima, na mashavu yako mbele ya masikio. Pua yakua, mashavu yajificha nyuma, uso waonekana mwembamba na mrefu. Ndiyo maana mtu mwenye uso wa duara wakati mwingine huipenda selfi ya karibu, na mwenye pua ya kutangulia huichukia.

Lenzi pana ina kosa moja tu hapa: yakuruhusu usogee. Ukitaka uso ujae kwenye picha nayo, lazima uisogeze hadi mdomoni. Studio mimi hufunga lenzi ya milimita 85, na kwa hiyo nikitaka kichwa na mabega sina budi kusimama mbali, mita moja na nusu hadi mbili. Watu husifu lenzi, lakini kazi imefanywa na miguu yangu.

Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso kule Marekani walitoa hesabu kwamba pua kwa inchi 12, ndizo sentimita 30 za Binti, huonekana pana kwa kiasi cha asilimia 30 kuliko kwa futi 5. Walikuwa wakipokea watu wanaotaka kupunguzwa pua, ushahidi wao ni selfi. Binti yeye amepata kama asilimia 13, na sishangai, kwa kuwa amepima mabawa ya pua, ambayo yamekaa nyuma ya ncha, na amelinganisha na mashavu. Angelinganisha ncha na masikio angeikaribia ile 30. Lakini masikio yako ndani ya ushungi, hatumlaumu.

Nahodha wa Shela
Mimi nilizumu nikiwa nimekaa pale pale, bwana. Sikusogea hata shubiri. Na pua ilipungua.

Picha za Mwambao, Malindi
Kama hukusogea, zumu imekata kingo tu na kukukuzia kilichobaki. Pua na shavu zimekua pamoja. Nadhani ulipozumu uso ukazidi kioo, mkono ukarudi nyuma wenyewe bila kukuaga.

Nahodha wa Shela
Mkono wangu naujua.

Bi Mkubwa wa Mkomani
Mwanangu Binti, yangu si pua kukua, yangu ni pua kugeuka! Kipini changu kiko kushoto tangu nitobolewe. Nikijitazama kwenye simu kabla ya kubonyeza, kiko pale pale nikionavyo kwenye kioo. Nikishabonyeza kimehamia upande wa pili, na uso mzima waonekana umepinda. Wajukuu wananicheka. Hii nayo ni umbali?

Picha za Mwambao, Malindi
Bi Mkubwa, shikamoo. Hapana, huko ni kwingine. Kabla ya kubonyeza, simu hukufanyia kioo, kwa sababu ndivyo ulivyozoea kujiona maisha yako yote. Ikishapiga, simu nyingi hukugeuza uwe kama watu wakuonavyo. Hakuna uso uliolingana pande zote. Nyusi moja iko juu kidogo, mdomo umeelemea upande. Umezoea kuelemea kwa kioo, kukigeuzwa wakuona kama kosa. Wajukuu hawaoni kupinda kokote, wao hukuona hivyo kila siku. Kama wataka ibaki kama kioo, kwenye aifoni ingia mipangilio ya kamera uwashe `Mirror Front Camera`. Ila jua kipini kitaonekana upande ambao watu hawakioni.

Bi Mkubwa wa Mkomani
Marahaba baba. Basi huyu kitukuu ninayempakata, pua na pua, yeye aniona na pua ya Binti ya sentimita 30?

Picha za Mwambao, Malindi
Kwa mahali jicho lake lilipo, ndiyo. Lakini ana macho mawili, nawe hutulii, na ubongo wake wajua uko karibu. Picha ni jicho moja lililoganda, kisha twaitazama kama kwamba ilipigwa kutoka ng'ambo ya chumba.

Kijana wa Mokowe
Mimi tatizo langu ni juu na chini. Nikimpigia mchumba simu ya video naweka simu mapajani, nimekaa barazani. Yeye anaona kidevu, tundu za pua na dari. Akaniambia nina kidevu cha mzee wa nyumba kumi. Nikaambiwa niinue simu. Nikainua kweli, mkono juu kabisa, nikaangalia juu. Sasa kichwa kimekuwa cha pweza, kofia imejaa picha, chini kidevu hakipo, na mabega ya mtoto. Wastani ni wapi?

Picha za Mwambao, Malindi
Ni mambo mawili yamekutana. Mwinuko wachagua upande gani wa uso uonekane. Ukaribu wakuza kile kilicho jirani na lenzi. Chini, jirani ni kidevu. Juu, jirani ni paji na kofia yako. Kwa urefu wa mkono, inua lenzi juu kidogo ya macho, upana wa kiganja watosha, kisha sogeza paji mbele kidogo na kidevu chini kidogo. Ngozi ya chini ya taya itajivuta. Ukiwa mbali mita 1.5, hata ukiiweka juu zaidi hupati pweza, kwa sababu paji na kidevu viko karibu umbali mmoja.

Nahodha wa Shela
Hapo nakubali. Lakini nieleze hili. Chomboni tukipiga kundi, anayekaa ukingoni mwa picha hunenepa. Wiki jana mgeni mmoja mwembamba kama mlingoti katoka na shavu la tikiti, na alikuwa mbali na simu kuliko mimi. Umbali wako ulikuwa wapi?

Picha za Mwambao, Malindi
Hapo sasa ni lenzi, Nahodha, nakupa haki yako. Lenzi pana ikitaka mistari ibaki imenyooka, hulazimika kuvuta kingo. Kwa lenzi ya kawaida ya simu ukiilaza, uso ulio pembeni kabisa hupata kama sehemu moja ya tano ya ziada kwa upana. Ile ya 0.5 ni mbaya zaidi sana. Usimpange mtu kwenye kona. Acha bahari pembeni, ukate baadaye. Na anayeshika simu ajue yeye ndiye mwenye kichwa kikubwa kuliko wote, wala asilalamike.

Mwenye Punda
Nilijipiga na punda wangu pale Mkunguni, yeye katia mdomo mbele. Tundu zake za pua ukubwa wa uso wangu, masikio mafupi kama ya paka. Wanangu walidhani nimenunua mnyama mwingine.

Binti wa Langoni
Ahsanteni. Nimerudi darini leo saa kumi na moja jioni. Simu nimeiegemeza kwenye mtungi ule ule, nimeinua kwa kitabu ifikie juu ya macho, kamera ya nyuma maana ni safi zaidi, saa ya sekunde 10, hatua mbili kubwa nyuma. Mara ya kwanza nimetoka mgongo. Mara ya pili upepo wa kusi umeiangusha simu. Ya tatu nimekata kingo nikabaki na kichwa na mabega, na pua imekaa mahali pake.

Nikampelekea dada yangu zote mbili, hii na ile ya kishorobani. Yeye kaipenda ya kishorobani. Asema ile macho yamekuwa makubwa na kama namwambia siri, na hii ya darini nimekuwa kama nasubiri pasipoti. Nikamwonyesha rula. Kasema rula aolewe nayo fundi.